Kabla ya kutafsiri ripoti ya ajali kwa ajili ya makao makuu

Tuseme umeletewa maelezo ya mlinzi wa ghala Dar es Salaam: "Usiku wa Jumatatu, saa nane, mlango wa kontena ulifunguka, magunia yakamwangukia kibarua, akaumia mguu. Nasikia komeo lilikuwa bovu." Ni maneno machache, ila Kiingereza kitakudai mambo ambayo mlinzi hakuyasema. Mpigie simu kabla hujaandika chochote.

Saa nane usiku ni 02:00, hilo halina ubishi. Kazi ipo kwenye siku. Kuna anayesema usiku wa Jumatatu akimaanisha wa kuamkia Jumatatu, na kuna anayemaanisha ule unaofuata mchana wa Jumatatu. Hapo zimepishana saa 24, na makao makuu watalinganisha ripoti yako na daftari la zamu na picha za kamera. Ukimuuliza "ilikuwa tarehe ngapi?" anaweza kukisia; muulize aliingia zamu siku gani na akatoka siku gani. Kisha andika tarehe kamili, 02:00, na uongeze UTC+3.

Kauli ya kutazama kuliko zote ni "ulifunguka". Mlinzi hakusema ulifunguliwa. Ukiutafsiri kwa namna inayoonyesha kwamba kuna mtu aliufungua, makao makuu huko Geneva wataanza kumtafuta mtu huyo, na wa kwanza kuulizwa atakuwa huyo huyo kibarua. Lakini pia usiandike kwamba ulifunguka wenyewe, maana huenda mlinzi aliukuta tayari uko wazi. Muulize alikuwa amesimama wapi na aliona nini kwa macho yake. Kama hakuona, sentensi ya Kiingereza ibaki bila mtendaji, hata ikisomeka vibaya kidogo. Mhariri wa huko atatamani kuinyoosha. Mwandikie mapema asiiguse.

Mguu nao unahitaji swali. Kiingereza hutenganisha sehemu ya juu ya kifundo na ile ya chini yake, na fomu za ajali mara nyingi huwa na kisanduku cha kila moja. Kama kuna karatasi ya hospitali au PF3 ya polisi, fuata hiyo, na utaje kwamba umeitoa huko. Uliza pia kibarua ni mwanamume au mwanamke, na kama kweli ni kibarua wa kutwa au ni mwajiriwa, kwa sababu huenda fidia ikategemea hilo la ajira.

"Nasikia" isipotee. Ikidondoka, tetesi ya komeo bovu inageuka kuwa chanzo cha ajali.

Maelezo ya ziada uliyoyapata kwa simu yaweke kwenye mabano ya mraba pamoja na herufi za jina lako na tarehe, yasichanganyike na kauli yake ya kwanza. Ambatanisha ripoti ya Kiswahili. Kabla ya kutuma, mwombe mwenzako ambaye hajaiona hiyo ya Kiswahili amsomee mlinzi ile ya Kiingereza kwa Kiswahili, sentensi moja moja, nawe ukae pembeni ukiandika kila anapokataa.