Ngome peke yake dhidi ya ngome na askari: kaa mstari wa tatu

Wanachesi, hii imeniokoa pointi nyingi sana. Umebaki na ngome, mwenzako ana ngome na askari, basi mfalme wako akae mbele ya huyo askari na ngome yako ishike mstari wa tatu ukihesabu toka upande wako. Chukua mfano: mweupe mfalme d5, askari e5, ngome h7, wewe mweusi mfalme e8, ngome b6. Mfalme wake hawezi kukanyaga mstari wa 6, ndio huo wa tatu toka upande wako mweusi, kwa hiyo wewe cheza tu a6, b6, a6, usiwe na papara.

Akichoka atasukuma askari e6, na hapo ndo wengi tunaharibu. Shusha ngome hadi b1 haraka! Mfalme akija d6 unampa cheki d1, akienda e5 cheki e1, hana pa kujificha maana askari ameshapita mbele. Ukizubaa bado uko mstari wa 6 yeye anapita e5 kisha f6, askari wake mwenyewe anamkinga na ngome yako, halafu ngome h8 ni meti.