Kabla hujarekodi ile vidio fupi: maandishi na maelezo kwa wasioona na wasiosikia

Watu wengi wakishamaliza kuedit ndo wanakumbuka kuweka maandishi, na hapo ushachelewa, kwa sababu nusu ya kazi ilitakiwa ifanyike kwenye skripti kabla kamera haijawashwa. Tuchukue vidio moja tu tuende nayo mpaka mwisho: sekunde 40, unaonyesha jinsi ya kucheki kama regyuleta ya mtungi wa gesi inavuja, yaani unafunga regyuleta, unapaka maji ya sabuni, unaangalia mapovu. Nimeichagua kusudi. Mapovu yanaonekana ila hayasikiki, na ile shhh ya gesi inasikika ila haionekani, kwa hiyo humo ndani kuna mtu ataachwa upande mmoja na mwingine upande wa pili.

Jambo la kwanza la kulielewa, maana hapa ndo wengi wanakosea: maandishi uliyoyabandika juu ya vidio kwa ajili ya kiziwi hayamsaidii asiyeona hata kidogo. Anatumia TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye aifoni, programu inayomsomea skrini kwa sauti, na kwa kawaida hizo zinasoma maandishi halisi ya app, kapshen, vitufe, jina la akaunti, sio herufi zilizogeuka kuwa sehemu ya picha. Kwa hiyo ile staili ya muziki mtupu na maandishi yanayopita, kwake ni wimbo tu wa sekunde 40. Ukiweka muziki weka, lakini na sauti ya mtu akiongea iwepo, na muziki uwe chini kabisa pale anapoongea.

Sasa skripti. Isome ukiwa umefumba macho na uwinde maneno kama "hapa", "hivi", "kama unavyoona", "ukiona inafanya hivi". Kila ukikutana nalo badilisha kwa kutaja kitu chenyewe. "Unaweka hapa mpaka ikae" inakuwa "regyuleta unaikalisha juu ya valvu ya mtungi, unabonyeza mpaka isikike ka!" Ule mshale mwekundu unaoonyesha mapovu usiuache peke yake, sema kwa mdomo "mapovu yanakua upande wa kushoto pale mpira unapoingia, hapo ndo panavuja". Ukisema hivyo hauhitaji mtu wa pili kuja kurekodi sauti ya maelezo juu yake, kila kitu kimo kwenye maneno yako. Na fikiria anayekufuata haoni, mapovu ya kwake jikoni hatayaona pia, basi mpe na njia yake: asikilize karibu na valvu, anuse (gesi ya kupikia huwekwa harufu makusudi ili ijulikane ikivuja), na akihisi inavuja afunge valvu, afungue madirisha, asiwashe kiberiti wala asiguse swichi ya taa.

Upande wa asiyesikia kazi ni kuandika kila kinachosikika na kina maana, sio maneno peke yake. Ile ka! ya regyuleta kukaa sawa iandike. Ile shhh iandike. Muziki wa nyuma ukiwa hauna kazi, usiusumbukie. Na kuna viziwi wengi ambao lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama, Kiswahili cha kuandika kwao ni lugha ya pili, hivyo sentensi fupi zenye kitenzi kinachoeleweka zinawafaa kuliko mbwembwe, na mafumbo ya mtaani yaache kwenye sauti.

Muda wa kusoma ndo unaoharibu vidio nyingi. Kipimo cha maneno kwa dakika kimetengenezwa kwa lugha zenye maneno mafupi, sisi neno moja kama "yatakaposikika" linakula nafasi ya matatu, kwa hiyo hesabu herufi. Mimi huchukua herufi 15 hivi kwa sekunde, mistari isizidi miwili, na kila mstari usizidi herufi 30 maana skrini ya simu ikiwa wima ni nyembamba. "Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya regyuleta" ni herufi 47 pamoja na nafasi, inataka sekunde 3 na kidogo. Ukikuta klipu yako ya hapo ina sekunde moja na nusu, rekodi ndefu zaidi au punguza maneno, usikimbize maandishi. Kwenye faili la .srt, lile la maandishi na muda wa kila mstari, inakaa hivi:

```
4
00:00:17,000 --> 00:00:20,500
Paka maji ya sabuni
kwenye maungio ya regyuleta

5
00:00:20,500 --> 00:00:23,000
[gesi inavuja: shhh]
```

Mstari ukate pale pumzi inapokata, usiache "kwenye" ikining'inia juu peke yake.

Rangi: herufi nyeupe juu ya povu jeupe la sabuni zinapotea kabisa, na hilo utaligundua kwenye vidio hii hii. Weka kisanduku cheusi nyuma ya herufi nyeupe, imeisha hiyo. Kipimo kinachotumika kwenye viwango vya wavuti ni tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1, na nyeupe juu ya nyeusi inavuka hapo kwa mbali. Maandishi yapandishe juu kidogo, kule chini kabisa yatafunikwa na jina la akaunti na kapshen, na kulia kuna vitufe vya laiki na komenti.

Maelezo mbadala sasa, yale yanayosomwa na TalkBack. Kama app inakupa kisanduku chake kijaze, kama haina yaweke mwanzoni mwa kapshen kabla haijakatwa. "Usalama wa gesi usikose 🔥🔥🔥🔥" haimwambii kitu, na zile emoji anaweza kusomewa moja moja mpaka achoke. Andika hivi: "Mikono inapaka povu la sabuni kwenye regyuleta ya mtungi wa gesi. Mapovu yanakua pale mpira unapoingia, gesi inavuja. Valvu inafungwa." Usianze na "hii ni vidio ya", app inamwambia yenyewe. Hashtegi anza kila neno kwa herufi kubwa, #UsalamaWaGesi, ili programu iyatenganishe maneno. Zile herufi za urembo za kukopi mtandaoni achana nazo, mara nyingi zinasomwa vibaya au zinarukwa.

Ila usitegemee maelezo hayo peke yake. Vidio ikishapendwa inapakuliwa na kutupwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko kapshen, maelezo mbadala na faili la .srt vyote vinabaki nyuma. Kinachosafiri ni picha na sauti tu. Ndo maana mimi kwa vidio fupi nachoma maandishi ndani ya picha ingawa mtazamaji hawezi kuyakuza, na maelezo yote ya muhimu nayasema kwa mdomo.

Kabla ya kuposti, geuza simu kifudifudi usikilize tu, halafu zima sauti uangalie tu. Mara zote mbili ujiulize: najua pa kuvuja ni wapi na nifanye nini? Afadhali umpe mtu ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, wewe ushaikariri. Ukishaposti rudi uangalie kama app haijaongeza maandishi yake ya otomatiki juu ya yale uliyoyachoma, yakigongana hakuna linalosomeka, zima ya app. Na kama umeamua kutumia ya app badala ya yako, yasome yote, hasa kwenye "valvu" na "regyuleta", maana hapo huwa yanaandika vituko.