Nakili tarehe na kiasi kama vilivyoandikwa, kisha ndipo ugeuze

Ukichambua mikataba ya pango iliyochanganya Kiswahili na Kiingereza, tenga safu mbili kwenye jedwali: moja ya maandishi kama yalivyo, nyingine ya thamani uliyogeuza. Usiruhusu programu ya jedwali iguse ile ya kwanza. Ifanye kuwa ya maandishi tu, la sivyo 03/04/2023 itageuzwa kimyakimya na hutajua tena ilikuwa Aprili au Machi.

Kuamua, tafuta ndani ya waraka huohuo tarehe yenye namba inayozidi 12. Ukikuta 25/06/2023, basi siku ndiyo inatangulia, na 03/04/2023 ni tarehe 3 Aprili. Lakini risiti iliyochapwa na mfumo wa kompyuta na kuambatishwa nyuma ihesabu kama waraka mwingine, kwani huenda inatanguliza mwezi. Usipopata ushahidi, acha safu ya pili wazi. Tarehe ya kubahatisha ni mbaya kuliko pengo.

Kwenye fedha, "Tshs. 250,000/=" inapopita kwenye skana, mkwaju wa "/=" unaweza kusomwa kama 1, ukapata 250,0001. Dalili yake ni tarakimu nne baada ya mkato. Linganisha na maneno: "laki mbili na nusu" ni 250,000, kwa sababu nusu hiyo ni ya laki.

Wahusika wafuate kwa nafasi zao: "Mpangaji" wa ukurasa wa kwanza ndiye "Tenant" wa kiambatisho, hata jina likifupishwa.