Kupanga sprinti inayoangukia Idd: siku za watu na tarehe za mwisho

Timu nyingi hapa Mombasa hupanga Krismasi vizuri, kisha Idd-ul-Fitr ikazikuta na kadi nusu zimefungwa. Krismasi ina tarehe. Idd hungoja mwezi uandame, na tangazo linaweza kutoka usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kwa hiyo nitaichukua sprinti moja yenye Idd ndani yake na tuipange mwanzo hadi mwisho.

Sprinti yetu ni ya Jumatatu 1 hadi Ijumaa 12 Machi 2027. Timu ina watu sita: wasanidi wanne na mbunifu mmoja wako Mombasa, na mjaribu wa mfumo, ambaye ni mmoja tu, anafanyia kazi Dar es Salaam. Kwa hesabu ya kalenda, Idd inatarajiwa Jumanne 9 au Jumatano 10 Machi.

Hatua ya 1: Tengeneza orodha ya sikukuu kwa kila mji

Usiweke orodha moja kwa timu nzima. Kenya hupumzika siku moja ya Idd-ul-Fitr, ilhali Tanzania hupumzika mbili, Idd mosi na Idd pili. Orodha moja itamnyima mjaribu wetu siku yake, au itawapa wa Mombasa siku wasiyokuwa nayo.

Kwa upande wa Kenya, kumbuka kanuni ya Jumapili: sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko huhamia siku inayofuata. Mwaka 2027 Jamhuri, 12 Desemba, ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu 13 hakuna kazi. Ikiangukia Jumamosi haihamishwi, kama Mei Mosi ya mwaka huohuo.

Hatua ya 2: Jaza jedwali la siku

Fungua shiti. Safu za chini ni majina ya watu, na juu ni zile tarehe kumi za kazi. Kila kisanduku kiwe na 1 kwa siku nzima, 0.5 kwa nusu, 0 kwa asiyekuwepo. Mwisho wa kila safu andika:

```
=SUM(C3:L3)
```

Napendelea jedwali hili kuliko kutoa kwa kichwa, kwa sababu kisanduku hakiwezi kuwa sifuri mara mbili. Tazama msanidi wetu wa kwanza, anayechukua likizo wiki nzima ya 8 hadi 12 Machi. Ukitoa siku tano za likizo, kisha ukatoa na Idd, umemkata siku sita katika wiki ya siku tano. Ni kosa la kawaida sana. Likizo ya mwaka, ambayo sheria ya ajira ya Kenya inataka isipungue siku 21, huhesabiwa kwa siku za kazi, kwa hiyo kwenye fomu yake pia ataomba siku nne, si tano. Fomu na jedwali zisipolingana, mmoja wenu amehesabu Idd kama likizo.

Hesabu yetu inakuwa hivi. Watu sita kwa siku kumi ni 60. Idd inaondoa siku tano Mombasa na mbili Dar, zinabaki 53. Likizo ya msanidi wa kwanza inaondoa nne, zinabaki 49. Msanidi wa pili ameomba siku moja baada ya Idd akaamkie wazee. Tumebaki na siku 48.

Hatua ya 3: Idd yenyewe uiandike wapi?

Siku zote mbili zinazotarajiwa ziko ndani ya sprinti na ni za kazi, kwa hiyo jumla haibadiliki mwezi ukiandama mapema au ukichelewa. Weka 0 kwenye tarehe unayoona ina uwezekano zaidi, lakini paka rangi tarehe zote mbili. Kwenye siku zenye rangi usiweke demo, wala kupandisha toleo, wala tarehe ya mwisho ya kadi yoyote.

Siku hizo zikiwa Ijumaa na Jumamosi, jumla inabadilika. Hapo panga kana kwamba Idd ni Ijumaa, kisha weka kando kadi moja ndogo ya kuchukuliwa kama itakuwa Jumamosi.

Na umuulize kila mtu kwa adabu atasali lini. Pwani hii wapo wanaofuata mwandamo wa hapa na wapo wanaofuata uliotangazwa ng'ambo, na siku ya mapumziko ya serikali huenda isiwe siku ya Idd ya jirani yako mezani. Swali hilo huwa halimuudhi mtu. Kinachoudhi ni kupangiwa mkutano saa ya sala.

Wiki ya kwanza ya sprinti hii bado ni Ramadhani. Usiwapunguzie watu siku kwa kukisia kwamba wamechoka. Hamisha mikutano ya jioni ije asubuhi ili watu wawahi futari, na mtu akikuambia anahitaji nusu siku, andika 0.5.

Hatua ya 4: Geuza siku kuwa pointi

Tuseme sprinti tatu zilizopita zilimaliza pointi 108 kwa jumla, sawa na 36 kila moja. Wengi hapa huchukua 36, wakazidisha kwa 48 na kugawa kwa 60, wakapata karibu 29. Hapo wamekata mara mbili: katika zile sprinti tatu pia watu waliugua na kuchukua likizo, na siku zilizofanyiwa kazi kweli zilikuwa 162, si 180. Gawanya kwa siku halisi:

```
=108/162*48
```

Jibu ni 32. Hizo ndizo pointi za kuchukua. Ndiyo maana jedwali la kila sprinti huhifadhiwa baada ya kusahihishwa siku ya mwisho.

Hatua ya 5: Tarehe za mwisho

Hapa ndipo jumla nzuri inapoweza kukudanganya. Siku 48 hazikwambii kwamba wiki ya pili mjaribu wetu ana siku tatu tu.

Chukua kadi ya ripoti ya malipo: siku nne za kuandika, mbili za kujaribu, kuanza Jumatano 3 Machi. Kalenda isiyojua Idd itasema Jumatano 10. Sasa ihesabu kwa mtu na mji wake. Msanidi anamaliza Jumatatu 8. Idd ikiwa Jumatano, mjaribu anapata Jumanne 9, kisha Ijumaa 12. Ikiwa Jumanne, anapata Alhamisi na Ijumaa. Kote kuwili ni Ijumaa 12, bila hata saa moja ya ziada. Kadi hii ianze Jumatatu 1, au mteja aahidiwe sprinti ijayo. Na wala asipewe yule anayeondoka tarehe 8, maana hitilafu zitakazopatikana hazitakuwa na mwenyewe.

Kwenye shiti, tarehe ya kuanza ikiwa B2 na orodha ya sikukuu za Mombasa ikiwa kwenye ukurasa wa `MSA`, fomula ni:

```
=WORKDAY(B2-1,4,MSA!A2:A20)
```

Hiyo `-1` ina kazi: `WORKDAY` huanza kuhesabu kesho yake, na bila hiyo kila kadi itachelewa siku moja. Hatua ya kujaribu itumie orodha ya Dar. Ukiona fomula inahesabu sikukuu kama siku ya kazi, kagua ile orodha. Tarehe iliyojipanga kushoto mwa kisanduku kwa kawaida ni maandishi, si tarehe.

Kwenye Jira, ingiza sikukuu kwenye sehemu ya `Working days` ya mipangilio ya bodi. Hiyo hunyoosha grafu tu. Tarehe za kadi hazisogei, utazisogeza mwenyewe.

Kisha fungua sprinti inayofuata kabla hujafunga shiti. Inaishia 26 Machi, Ijumaa Kuu, na Jumatatu ya Pasaka ni 29. Demo iwe Alhamisi 25, na kikao cha kupanga kiwe Jumanne 30.