Jinsi ya kutumia alfa kujua kama hisa ni ghali au rahisi: hatua kwa hatua, kwa soko la Dar es Salaam

Hisa mbili zinatarajiwa kuleta faida inayokaribiana mwaka ujao, moja asilimia 16.5 na nyingine 16. Wengi wataona hazina tofauti. Lakini moja inaweza kuwa inauzwa chini ya thamani yake na nyingine juu ya thamani yake, kwa sababu hazibebi hatari sawa. Kinachozitenganisha ni alfa: faida unayoitarajia ukitoa faida ambayo soko linadai kwa hatari ya aina hiyo. Kiwango hicho kinachodaiwa tunakipata kwenye mstari wa soko la dhamana, uliotokana na kazi za William Sharpe (1964) na wenzake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kazi iko kwenye beta, kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba soko zima linapoyumba, hasa kwa soko kama letu la DSE ambako hisa kadhaa hupita siku nyingi bila kuuzwa. Nitatumia hisa mbili nilizozitunga, A na B, ili tufuate namba bila kumsifu wala kumchafua mtu.

Hatua ya 1: Chora mstari

Mstari unahitaji vitu viwili tu. Cha kwanza ni faida isiyo na hatari. Kama unapima hisa kwa mwaka mmoja mbele, chukua riba ya dhamana za serikali za siku 364 kutoka mnada wa karibuni wa Benki Kuu. Usichukue hatifungani ya miaka 20, kwa sababu riba yake inabeba fidia ya kufunga pesa muda mrefu. Tuseme riba ni asilimia 8.

Cha pili ni nyongeza ambayo wawekezaji wanadai ili waache dhamana za serikali na kununua soko zima la hisa. Hapa usichukue kupanda kwa faharasa, yaani kipimo cha bei za soko zima, mwaka jana. Soko likipanda kwa asilimia 30, haina maana kwamba watu wanadai asilimia 30 kila mwaka. Chagua kiwango unachoweza kukitetea, kitumie kwa hisa zote, kisha kijaribu juu na chini mwishoni. Mimi hapa naweka 6.

Mstari wetu sasa ni huu:

```
faida_stahiki = 8 + beta * 6
```

Hisa yenye beta 0 inastahili asilimia 8, yenye beta 1 inastahili 14, yenye beta 1.5 inastahili 17.

Hatua ya 2: Kadiria faida unayoitarajia

Hisa A inauzwa shilingi 2,000. Mwaka huu imepata shilingi 400 kwa kila hisa, kwa hiyo bei ni mara 5 ya mapato. Ukisoma taarifa zake unaona mapato yanaweza kufika 436 na gawio likawa 150. Ukishikilia mara 5 ileile, bei ya mwaka ujao ni 436 × 5 = 2,180. Faida ni ongezeko la bei 180 pamoja na gawio 150, jumla 330 kwa kila 2,000, yaani asilimia 16.5.

Hisa B inauzwa 600, gawio linatarajiwa kuwa 20 na bei kufika 676. Faida ni 96 kwa 600, asilimia 16.

Angalia kwamba sikubadilisha ile mara 5. Ningeandika mara 6, bei ya A ingefika 2,616 na faida ingeruka hadi karibu asilimia 38. Alfa kubwa ingejitokeza papo hapo, na chanzo chake kingekuwa kalamu yangu. Ukiletewa uchambuzi wenye alfa ya kutisha, tafuta kwanza kama mwandishi amepandisha kizidishi bila kueleza kwa nini soko nalo litakipandisha.

Hatua ya 3: Tafuta beta

Kusanya bei za mwisho wa mwezi kwa miaka mitano pamoja na faharasa ya soko. Kwa kampuni ya Tanzania, tumia faharasa ya TSI, inayochukua kampuni za ndani pekee. Faharasa ya DSEI inajumuisha pia kampuni zilizoorodheshwa kutoka nje, zikiwemo KCB na East African Breweries, ambazo bei zake zinaamuliwa Nairobi. Ukipima kampuni ya Dar kwa DSEI, beta yako inachanganya soko letu na la Kenya.

Kwenye jedwali la Excel, weka bei za hisa safu ya B na faharasa safu ya C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 62, yaani bei 61 kwa miezi 60. Kisha andika fomula hizi, na unakili zile za D na E hadi mstari wa 62:

```
D3:  =B3/B2-1
E3:  =C3/C2-1
beta: =SLOPE(D3:D62,E3:E62)
```

Tuseme A inatoa beta 0.8 na B inatoa 1.5.

Hatua ya 4: Toa alfa na usome upande wake

Kwa A, faida stahiki ni 8 + 0.8 × 6 = 12.8. Alfa ni 16.5 − 12.8 = +3.7. Kwa B, faida stahiki ni 17, na alfa ni 16 − 17 = −1.

A imekaa juu ya mstari, B chini yake. Hapa ndipo wanaoanza hugeuza maana: wanaona nukta iko juu, wanasema hisa iko juu, basi ni ghali. Ni kinyume. Mhimili wa wima wa chati unapima faida, si bei. Faida ya A iko juu ya inachostahili kwa sababu bei ya leo ni ndogo ukilinganisha na shilingi 2,330 utakazokuwa nazo mwishoni (bei 2,180 na gawio 150). Wanunuzi wakiiona watapandisha bei, na bei ikipanda leo faida iliyobaki inapungua mpaka nukta ishuke kwenye mstari. Alfa chanya ni hisa rahisi. Alfa hasi ni hisa ghali.

Ukitaka kuiona kwa shilingi, gawanya pesa za mwishoni kwa moja jumlisha faida stahiki. A: 2,330 ÷ 1.128 = takriban 2,066. B: 696 ÷ 1.17 = takriban 595. Kwa hiyo A iko chini ya thamani yake kwa shilingi 66, na B imezidi kwa shilingi 5 tu. Mimi hufanya hesabu hii kila mara, maana asilimia hudanganya macho. Alfa ya 3.7 inasikika kubwa kuliko shilingi 66 juu ya 2,000.

Hatua ya 5: Ishuku beta

Kabla ya kumpigia dalali simu, hesabu ni miezi mingapi bei ya hisa haikusogea kabisa:

```
=COUNTIF(D3:D62,0)
```

Ikiwa miezi 25 kati ya 60 ni sifuri, hiyo beta ya 0.8 haiaminiki. Hisa isiyouzwa inabaki na bei ya zamani hata soko likitikisika. Habari iliyosogeza soko mwezi wa tatu inaonekana kwenye bei ya hisa mwezi wa nne, mtu anapouza hatimaye. SLOPE inalinganisha mwezi na mwezi uleule, kwa hiyo inaona hisa tulivu. Utulivu huo unashusha faida stahiki, nayo inapandisha alfa. Ndiyo maana orodha za "hisa rahisi" kwenye masoko madogo hujaa hisa zisizouzika.

Kuna tiba inayojulikana, ya Dimson (1979): pima hisa dhidi ya soko la mwezi huu na la mwezi uliopita kwa pamoja, kisha jumlisha beta hizo mbili. Weka kwenye safu ya F mwendo wa soko wa mwezi uliotangulia, ukinakili hadi mstari wa 62:

```
F4:  =E3
beta: =INDEX(LINEST(D4:D62,E4:F62),1,1)+INDEX(LINEST(D4:D62,E4:F62),1,2)
```

Tuseme A inatoa 0.8 kwa mwezi huu na 0.45 kwa mwezi uliopita. Beta yake sasa ni 1.25. Faida stahiki inakuwa 8 + 7.5 = 15.5, alfa inashuka kutoka 3.7 hadi 1.0, na thamani inakuwa 2,330 ÷ 1.155, takriban 2,017. Hisa ni ileile na matarajio ni yaleyale. Ile "bei ya kutupa" ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye beta iliyopimwa vibaya.

Kama hisa inauzwa kila siku, beta ya mwezi uliopita itakuwa karibu na sifuri na jibu halitabadilika. Hilo lenyewe ni kipimo kizuri. Hisa ikikaa wiki nyingi bila muamala, mwezi mmoja wa nyuma unaweza usitoshe. Ongeza wa pili. Ukiona beta zinarukaruka bila mpangilio, data haitoshi kusema chochote, na ni afadhali kuiacha hisa hiyo nje ya chati.

Hatua ya 6: Toa makato, kisha yumbisha nyongeza

Kwa mwekezaji mdogo, ada ya dalali na za soko zinaweza kukaribia asilimia 2 unaponunua, na karibu hivyohivyo unapouza. Angalia hati ya muamala wako uone kiasi halisi. Ukinunua A na kuiuza baada ya mwaka, makato yanakula takriban pointi 4, zaidi hata ya ile alfa ya kwanza ya 3.7. Ukikaa nayo miaka mitano, makato yanagawanyika na kuwa chini ya pointi moja kwa mwaka, lakini basi unahitaji sababu ya kuamini kwamba bei itachelewa kurekebishika au kampuni itaendelea kukushangaza.

Mwisho, rudi kwenye ile 6 ya mwanzo. Ukiweka 4, alfa ya A inakuwa 3.5 na ya B inakuwa +2. Zote zinageuka rahisi. Ukiweka 8, A inakuwa −1.5 na B −4, zote ghali. Alama ya alfa inayumba na dhana yako kuhusu soko zima. Lakini angalia mpangilio: katika hali zote tatu A iko mbele ya B. Kwa hiyo mimi natumia mstari kupanga hisa zaidi ya kutoa hukumu. Ninasema hisa ni rahisi pale tu alfa inapobaki chanya kwa 4, 6 na 8, beta ikiwa imesahihishwa na makato yametolewa.

Kwa kipimo hicho A haipiti. Ingepita kama bei yake ingeshuka hadi 1,800 bila matarajio kubadilika: 2,330 ÷ 1,800 inatoa faida ya asilimia 29.4, na hata kwa nyongeza ya 8, inayodai 18, inabaki pointi 11 kabla ya makato. Iandike bei hiyo pembeni ya jina lake, na uirekebishe kila taarifa mpya ya hesabu inapotoka.

Tahadhari moja kwa wanaotumia INTERCEPT ya jedwali na kuiita alfa. Namba ile inaeleza miaka mitano iliyopita, ndiyo aina ya alfa aliyoitumia Jensen mwaka 1968 kupima mameneja wa mifuko. Tena, usipotoa kwanza riba ya serikali kwenye faida za kila mwezi, inachanganyika na sehemu ya riba hiyo. Kuamua kununua leo, unahitaji alfa inayotokana na faida unayoitarajia, ile ya hatua ya 2.