Somo: Kuuandika upya ukurasa wa kukatisha usajili ili useme kweli

Somo hili linamhusu mwandishi wa maneno ya skrini aliyekabidhiwa ukurasa ambao mteja huufikia anapotaka kuacha huduma anayoilipia kila mwezi. Mfano wetu ni huduma ya masomo ya kusikiliza. Mteja alilipa ada tarehe 14 Mei, na tarehe 22 Mei ameamua kuondoka. Anachokutana nacho ni hiki:

> Unatuacha kweli?
> Ukiondoka utapoteza masomo yako yote 37 na alama ulizozichuma kwa jasho.
> [ Nabaki, nataka kusonga mbele ]
> hapana, sijali elimu yangu

Kitufe cha kwanza ni kikubwa na kina rangi. Maneno ya mwisho ni ya kijivu hafifu, na msomaji wa haraka hatambui kwamba yanagusika. Akiyagusa, analazimishwa kutaja sababu, kisha anaonyeshwa punguzo, na mwishoni anaulizwa: "Je, hutaki kuendelea na usajili?" Chini ya swali hilo kuna vitufe viwili, "Endelea" na "Ghairi".

Hatua ya kwanza: pita njia yote wewe mwenyewe. Fungua akaunti ya majaribio, jisajili, kisha jiondoe, ukinakili kila neno na kuhesabu kila skrini. Katika mfano wetu kujiunga kulichukua skrini 2, na kuondoka kulichukua 5. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha kumwonyesha meneja, kwa sababu haihitaji mjadala wa maadili. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kuhusu usajili wa Prime, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa hesabu ya namna hii hii ya kurasa na miguso ambayo mteja alipaswa kuipitia kabla ya kutoka.

Hatua ya pili: kusanya ukweli kabla ya kuandika sentensi yoyote. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo maana ukurasa mpya huwa na maneno ya upole yenye uongo uleule wa zamani. Nenda kwa wahandisi na kwa watu wa malipo ukiwa na maswali machache: siku ya mwisho ya kutumia huduma ni ipi, malipo yajayo yangefanyika lini, na yatazuiwa kweli au la, ada iliyokwisha kulipwa inarudishwa au hairudishwi, na vitu vya mteja vinahifadhiwa kwa muda gani. Katika mfano wetu, mhandisi alieleza kwamba masomo 37 na alama hubaki kwenye akaunti kwa miezi 12 baada ya mteja kuondoka. Kwa hiyo neno "utapoteza" lilikuwa uongo mtupu, ingawa pengine aliyeliandika hakuwahi kuuliza.

Hatua ya tatu: chagua kitenzi kimoja, na ukitumie mwanzo hadi mwisho. Hapa Kiswahili kina mitego yake ambayo mwongozo wa lugha nyingine hauwezi kukuonyesha. Neno "Ghairi" limezoeleka kwenye simu kama kitufe cha kuachana na jambo ulilotaka kulifanya. Likiwekwa kwenye ukurasa wa kuondoka, mteja hajui kama anaghairi usajili au anaghairi kule kuondoka kwenyewe. "Endelea" nalo lina ukungu huohuo, kwa kuwa linaweza kumaanisha kuendelea na huduma au kuendelea na hatua za kujiondoa. "Sitisha" hutumika pia kwa kusimamisha kitu kwa muda, kama sauti inayochezwa, hivyo anayekusudia kuondoka kabisa anaweza kudhani amepumzika tu, na anayetaka kupumzika anaweza kuondoka. "Futa" linatisha zaidi, kwani msomaji hufikiria akaunti yake yote itafutika.

Mimi hupendelea "Katisha usajili" kwa kuondoka, na "Simamisha kwa muda" kama huduma ina nafasi ya kupumzika. Kitufe cha kubaki nacho kitaje jambo lenyewe: "Baki na usajili". Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitufe kisomeke na kueleweka hata kikikatwa na kuwekwa peke yake kwenye karatasi, bila swali lililo juu yake.

Swali la kukanusha liondolewe kabisa. Mswahili akiulizwa "Je, hutaki kuendelea?", jibu lake "Ndiyo" maana yake ni "ni kweli, sitaki". Lakini aliyezoea menyu zilizofasiriwa anaweza kulichukua "Ndiyo" kuwa "nataka kuendelea". Watu wawili watagusa kitufe kimoja kwa nia mbili zinazopingana, na mmoja wao atatozwa tena bila kujua.

Hatua ya nne: andika ukurasa, ukianza na tarehe. Jambo ambalo mteja analitafuta kwanza ni siku ya kukoma na habari ya fedha. Ukurasa wetu mpya ulisomeka hivi:

> Katisha usajili
> Utaendelea kusikiliza masomo yote hadi mwisho wa siku ya tarehe 13 Juni. Hutatozwa tena tarehe 14 Juni.
> Ada uliyolipa tarehe 14 Mei hairudishwi.
> Masomo 37 uliyoyahifadhi na alama zako vitabaki kwenye akaunti yako kwa miezi 12. Ukijisajili tena ndani ya muda huo, utavikuta.
> [ Katisha usajili ]  [ Baki na usajili ]

Vitufe viwili vina ukubwa sawa na vinaonekana kwa uzito sawa. Sentensi inayosema ada hairudishwi ni chungu, na kuna mwenzetu aliyetaka tuifiche chini kabisa; tuliiacha palepale, kwa sababu mteja akiigundua baadaye atahisi amelaghaiwa hata kama masharti aliyakubali.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Rasimu yetu ya kwanza iliandika "hadi tarehe 14 Juni, saa 6:00 usiku", na wasomaji waligawanyika: wengine walielewa usiku wa kuamkia tarehe 14, wengine walielewa usiku wa baada ya siku hiyo kwisha. "Mwisho wa siku ya tarehe 13 Juni" haiachi shaka.

Hatua ya tano: thibitisha kwa maandishi. Mara tu baada ya kugusa kitufe, skrini iseme "Usajili wako umekatishwa" na irudie tarehe zilezile, kisha barua pepe yenye maneno hayohayo itumwe papo hapo. Hali timilifu katika neno "umekatishwa" ni muhimu. Nimeona kurasa zinazosema "Ombi lako limepokelewa", na mteja hubaki akijiuliza kama kuna mtu anayelikubali ombi hilo au anayeweza kulikataa. Swali la sababu ya kuondoka lije hapa, baada ya mambo kwisha, nalo liwe la hiari.

Hatua ya sita: jaribu kwa watu, si kwa takwimu peke yake. Mpe msomaji asiyeujua mradi ukurasa huo, umwache amalize, kisha umwulize mambo mawili tu: "Je, umeondoka?" na "Utatozwa tena lini?" Watu watano wanatosha kuonyesha kasoro kubwa. Baada ya kuuweka hadharani, fuatilia malalamiko ya aina ya "nilijiondoa lakini nimetozwa", pamoja na wateja wanaoziomba benki zao ziwarudishie malipo. Idadi ya wanaoondoka huenda ikapanda katika wiki za mwanzo, na ni vizuri meneja aambiwe mapema, kwa kuwa baadhi yao ni watu waliokuwa wamekwama kwenye njia ya zamani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, meneja wangu anasisitiza tuweke punguzo kabla ya mteja kuondoka. Je, huo ni ulaghai?*

Punguzo lenyewe si ulaghai, ndugu yangu; linakuwa ulaghai linapogeuzwa kuwa kizuizi. Liweke kwenye ukurasa uleule, chini ya maelezo ya tarehe, kama njia ya tatu ambayo mteja anaweza kuipita bila kuijibu. Litaje mwisho wake waziwazi: "Utalipa nusu ya ada kwa miezi 3, kisha ada kamili kuanzia tarehe 14 Septemba." Punguzo lisilotaja siku ya kurudi kwa ada kamili ndilo linalozaa malalamiko. Na mteja akilikataa mara moja, lisimfuate tena kwenye skrini inayofuata.

*Wateja wetu wengi walilipia kupitia duka la programu kwenye simu. Wanafuta programu wakidhani wamejiondoa, kisha wanatozwa. Tuandike nini?*

Kufuta programu hakukatishi usajili, na ukurasa wako unapaswa kulisema hilo kwa sentensi nzima. Apple haimruhusu mtengenezaji wa programu kukatisha usajili wa mteja kwa niaba yake, kwa hiyo usiweke kitufe kinachojifanya kufanya kazi hiyo. Andika: "Ulijisajili kupitia App Store, na usajili huo unakatishwa huko. Kufuta programu hii pekee hakuzuii malipo." Kisha mpeleke moja kwa moja kwenye ukurasa unaomhusu, wa kwanza hapa ukiwa wa Apple na wa pili wa Google:

```
https://apps.apple.com/account/subscriptions
https://play.google.com/store/account/subscriptions
```

Mwonyeshe kiungo cha duka alilolipia tu, kwani mfumo wako unalijua.

*Sehemu ya wateja wetu wako Ujerumani. Tumeambiwa kuna sheria ya kitufe. Je, ukurasa wa namna hii unatosha?*

Maneno yanakaribiana sana na yanayotakiwa, lakini mpangilio una masharti yake. Tangu tarehe 1 Julai 2022, kifungu cha 312k cha sheria ya kiraia ya Ujerumani kinataka mkataba wa aina hii unaofungwa mtandaoni uwe na kitufe kinachoonekana wakati wote, chenye maneno "Verträge hier kündigen" au mengine yaliyo wazi kiasi hicho, kinachompeleka mteja kwenye ukurasa wa kuthibitisha wenye kitufe "jetzt kündigen". Baada ya hapo mteja hupewa uthibitisho wa maandishi papo hapo. Maneno ya Kiswahili hayatachukua nafasi ya hayo, na toleo la Kijerumani likaguliwe na mwanasheria wa huko.

*Na mtu akigusa "Katisha usajili" kwa bahati mbaya? Si afadhali tumwulize mara mbili?*

Ukurasa wenyewe tayari ndio ulizo la pili, kwa kuwa mteja aliufikia kwa kugusa kitufe kingine kwenye mipangilio. Badala ya kuongeza skrini, mpe njia ya kurudi: hadi mwisho wa siku ya tarehe 13 Juni, mipangilio yake ionyeshe "Usajili utakoma tarehe 13 Juni" na kitufe "Rejesha usajili". Akikigusa, mwambie siku atakayotozwa kabla hajathibitisha.