Uagize mitungi mingapi, na uagize lini: hesabu ya duka moja la Luanda

Shemeji yangu ana duka Luanda, ile ya Vihiga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Bidhaa inayompa shughuli nyingi ni mafuta ya kupikia ya mtungi wa lita 20. Wauza chipsi na wakaanga samaki huchukua mtungi mzima. Majirani hununua ya kupima. Alikuwa na mazoea ya kuleta mitungi 20 kila akiishiwa, na kila baada ya majuma machache duka lilikaa siku mbili bila mafuta. Aliniuliza swali moja: "Shem, nilete ngapi?" Kumbe maswali ni mawili. La pili ni alete lini, na hilo ndilo lililokuwa likimuumiza.

Nitafuata daftari lake hatua kwa hatua. Weka takwimu zako mahali pa zake.

Hatua ya 1: Mauzo ya mwaka

Daftari lilionyesha wastani wa mitungi 2 kwa siku. Duka hufunguliwa karibu siku 360, kwa hiyo mauzo ya mwaka ni mitungi 720. Mtungi wa kupima tuliuhesabu siku unapofunguliwa.

Tahadhari moja tu hapa. Siku ambazo duka halikuwa na mafuta, daftari linaandika sifuri. Hiyo sifuri si mahitaji, wateja walikuja wakarudi mikono mitupu. Ukiiingiza kwenye wastani utajidanganya kwamba unauza kidogo, utaagiza kidogo, na utaishiwa zaidi. Zifute siku hizo kabla ya kugawanya.

Hatua ya 2: Gharama ya kuagiza mara moja

Andika zile gharama tu ambazo hazibadiliki hata ukileta mtungi mmoja au hamsini. Kwa shemeji: pikapu ya jirani inayorudi tupu kutoka Kisumu, shilingi 1,200, kijana wa kusindikiza na kushusha mzigo, 200, ada ya benki na simu, 100. Jumla 1,500.

Bei ya mafuta yenyewe haimo. Kama unalipa wapakizi kwa kila mtungi, hayo nayo hayamo, kwa sababu kwa mwaka mzima utawalipa kiasi kilekile, uwe umeagiza mara kumi au mara arobaini.

Hatua ya 3: Gharama ya kuweka mtungi mmoja mwaka mzima

Hapa ndipo wenye maduka hunibishia. "Stoo ni yangu, kuweka kunanigharimu nini?" Kunagharimu pesa zilizolala ndani ya mtungi. Holsela anauza mtungi shilingi 4,800. Shemeji hukopa kwenye sako kwa asilimia 12 kwa mwaka, kwa hiyo mtungi ukikaa mwaka mzima unakula riba ya shilingi 576. Kwa mitungi inayovuja na inayogongwa tuliongeza 24, tukapata 600.

Hata kama hukukopa, pesa hizo zingeweza kulipa deni au kununua mzigo mwingine, kwa hiyo usiweke sifuri. Kodi ya duka sikuiweka, maana analipa ileile stoo ikiwa imejaa au tupu. Angelazimika kukodi chumba cha pili kwa ajili ya mafuta, ningeiweka.

Hatua ya 4: Kiasi nafuu cha kuagiza

Ukileta kidogo kidogo, pikapu inakumaliza. Ukileta mzigo mkubwa, riba inakumaliza. Fomula inayotafuta katikati yake ilichapishwa na Mmarekani Ford Whitman Harris mwaka 1913, na ingali inatumika: zidisha 2 kwa mauzo ya mwaka kwa gharama ya kuagiza, gawanya kwa gharama ya kuweka, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwenye lahajedwali ya simu, andika hivi:

```
=SQRT(2*720*1500/600)
```

Jibu ni 60. Ihakiki kabla ya kuiamini. Mitungi 720 kwa mafungu ya 60 ni safari 12, ambazo ni shilingi 18,000. Stoo itakuwa na wastani wa nusu ya fungu, yaani mitungi 30, mara 600, ambayo pia ni 18,000. Gharama hizo mbili zikitoka sawa, fomula umeipiga sawa, ingawa hilo halikuonyeshi takwimu uliyoiingiza vibaya. Zikiachana mbali, kuna kitu umekosea.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuchanganya mwezi na mwaka. Mtu anaweka mauzo ya mwaka, lakini gharama ya kuweka anaandika ya mwezi, shilingi 50. Fomula itamwambia alete mitungi 208, mzigo wa karibu milioni moja. Ukiona jibu linalokutoa jasho, angalia vipimo kwanza.

Shemeji aliposikia 60 alitikisa kichwa. Mitungi 60 ina uzito unaozidi tani moja, na pikapu ile haivuki tani. Basi tukajaribu 50. Safari zinakuwa 14.4 kwa mwaka, shilingi 21,600. Kuweka ni 25 mara 600, shilingi 15,000. Jumla 36,600, dhidi ya 36,000 ya mitungi 60. Tofauti ni shilingi 600 kwa mwaka mzima, bei ya mtungi mmoja kukaa stoo.

Hii ndiyo tabia ya fomula hii ambayo watu hawaambiwi. Karibu na jibu, gharama hazibadiliki sana, kwa hiyo usigombane na pikapu wala na mfuko wako kwa ajili ya mitungi kumi. Ukienda mbali ndipo inauma: kwa 30 au kwa 120, gharama ni 45,000, na kwa zile 20 alizokuwa akileta ni 60,000. Tukakubaliana 50.

Hatua ya 5: Piga simu ikibaki mingapi?

Kutoka kupiga simu hadi mafuta kushushwa dukani ni wastani wa siku 3. Siku 3 kwa mitungi 2 ni 6. Mtu angesema basi aagize ikibaki 6. Akifanya hivyo, karibu nusu ya safari ataishiwa kabla mzigo haujafika, kwa sababu wastani ni katikati tu: kuna siku wateja wanazidi, na kuna siku pikapu inachelewa. Juu ya ile 6 inahitajika akiba ya tahadhari.

Tulichukua siku kumi za mauzo ya kawaida: 2, 1, 3, 2, 2, 4, 1, 2, 1, 2. Kisha siku za kungoja katika oda nane zilizopita: 2, 3, 3, 2, 5, 3, 4, 2. Kwa kila safu tukatafuta mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wao. Lahajedwali hukufanyia:

```
=STDEV.S(A1:A10)
=STDEV.S(B1:B8)
```

Mauzo yalitoa 0.94 na siku za kungoja 1.07. Sasa yaunganishe. Zidisha 0.94 kwa 0.94 kwa siku 3, upate karibu 2.67. Zidisha mauzo ya siku, 2 kwa 2, kwa 1.07 kwa 1.07, upate karibu 4.57. Jumlisha, tafuta kipeuo, ni 2.69.

Zitazame zile namba mbili kabla ya kuendelea. Shemeji aliamini kwamba wateja ndio wasiotabirika. Hesabu inasema la: sehemu kubwa ya mashaka, 4.57 kati ya 7.24, inatoka kwenye pikapu. Ile siku 5 alingoja kwa sababu jirani alikuwa hajapata mzigo wa kwenda Kisumu.

Mwisho, zidisha 2.69 kwa namba inayoonyesha unataka kuwa salama kiasi gani. Ukitaka oda 95 kati ya 100 zifike kabla ya mafuta kuisha, zidisha kwa 1.65, upate 4.4, ambayo unaipandisha kuwa mitungi 5. Ukitaka 99, zidisha kwa 2.33, upate 6.3, yaani 7. Daima pandisha juu.

Nilipendekeza 7. Mitungi miwili ya ziada inagharimu 1,200 kwa mwaka. Kwa oda 14 hivi, usalama wa asilimia 95 unamaanisha kuishiwa mara moja kila mwaka na nusu takribani. Wa 99 ni mara moja kwa miaka saba. Muuza chipsi akikukosa asubuhi atanunua duka la pili, na huenda asirudi. Kwa chumvi au kiberiti ningeridhika na 95, hata chini.

Kwa hiyo kiwango cha kuagiza upya ni 6 jumlisha 7, yaani mitungi 13. Ikibaki 13, piga simu.

Oda nane ni sampuli ndogo, basi rudia hesabu hii kila baada ya miezi michache. Desemba pia usiitumie 13. Watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, mauzo ya duka hili hufika mitungi 4 kwa siku, na siku 3 za kungoja peke yake zinahitaji 12. Mwezi huo anapiga simu ikibaki 19 au zaidi.

Hatua ya 6: Kamba nyekundu

Mtu anayehudumia wateja hahesabu mitungi kila jioni. Kwa hiyo mitungi 13 imepangwa pembeni na kuzungushiwa kamba nyekundu. Siku ambayo lazima ukate kamba ili umuuzie mteja, ndiyo siku ya kupiga simu. Mzigo mpya ukifika, kamba inahamia kwenye mitungi 13 iliyotoka kushushwa, na ile ya zamani inatangulia kuuzwa. Mwezi wa kwanza kijana wa dukani aliisahau sehemu hiyo, tukakuta mitungi ileile pembeni, imejaa vumbi.

Shemeji aliuliza kama si afadhali akodi pikapu ya kueleweka, inayofika siku ya tatu bila kukosa. Ingemgharimu 600 zaidi kwa safari. Tuliihesabu. Ile 4.57 ingefutika, ikabaki 2.67, ambayo kipeuo chake ni 1.63, mara 2.33 inakuwa 3.8, yaani mitungi 4 badala ya 7. Angeokoa mitungi mitatu, shilingi 1,800 kwa mwaka, na kulipa 600 mara 14.4, shilingi 8,640. Amebaki na pikapu ya jirani.